Rais ndiye anayeteua majaji: sasa nani anamchunga nani?

"Tunafundishwa kwamba katiba ni sheria mama na kwamba mihimili mitatu inachungana. Lakini rais ndiye anayeteua majaji, na chama chake ndicho chenye wabunge wengi. Hapo anayechungwa ni nani? Na hata kama kuchungana kupo, si afadhali kiongozi mzuri aachwe afanye kazi bila kuwekewa vikwazo? Nauliza pia kwa sababu yangu binafsi: juzi ofisi moja ya umma imeninyima leseni kwa sharti ambalo sijaliona kwenye sheria yoyote. Katiba inanisaidia nini mimi?"

Ndugu msomaji, nianze na la majaji, maana hilo ndilo huwakatisha tamaa wengi kabla hata hawajafungua ukurasa wa kwanza wa katiba yao. Kuteuliwa na mtu si sawa na kuwa chini yake. Ukitaka kujua kama jaji, mkaguzi wa hesabu au tume fulani iko huru, usiishie kuuliza nani aliiteua. Uliza nani anaweza kumwondoa huyo mtu kazini, nani anaweza kumpunguzia mshahara, na kama anahitaji kuteuliwa tena muhula wake ukiisha. Majibu ya maswali hayo hayamo kwenye utangulizi wa katiba, ule wenye maneno mazito ya haki na umoja. Yamo katikati kabisa, kwenye ibara ambazo watu huzirukaruka kwa sababu zinachosha kusoma. Mimi nikipewa katiba ya nchi nisiyoijua, huanzia hapo.

Nitakupitisha kwenye kisa kimoja, maana bila kisa haya mambo hubaki kuwa hotuba. Ni kisa cha Afrika Kusini, cha nyumba binafsi ya Rais Jacob Zuma kijijini Nkandla, jimbo la KwaZulu-Natal. Nimekichagua kwa sababu kinafanana na hali unayoilalamikia: rais aliyewateua watu husika, na chama chake, ANC, kikiwa na viti 249 kati ya 400 bungeni.

Serikali iligharimia ulinzi wa nyumba hiyo. Ulinzi wa rais ni halali kulipiwa na umma, hilo halina ubishi. Ila kazi ilipokuwa ikiendelea, orodha ikakua. Vikaingia bwawa la kuogelea, ukumbi wa wazi, jengo la kupokelea wageni, zizi la ng'ombe na banda la kuku. Machi 2014 Mtetezi wa Umma, Thuli Madonsela, alitoa ripoti yake. Ofisi yake ni chombo huru kilichoundwa na katiba kuchunguza malalamiko dhidi ya serikali. Alikuta gharama zote zingefikia takriban randi milioni 246, na kwamba vitu vile vitano havikuwa vya ulinzi. Akaelekeza rais alipe sehemu inayostahili ya gharama za hivyo vitano.

Sasa ona kilichofuata. Rais hakulipa. Waziri wa Polisi, Nathi Nhleko, mtu anayeteuliwa na rais na anayeweza kufukuzwa na rais wakati wowote, akaandaa ripoti yake mwenyewe. Mei 2015 alisimama mbele ya waandishi wa habari akaeleza kwamba bwawa lile si la kuogelea bali ni hifadhi ya maji ya kuzimia moto, na ikaonyeshwa video ya wazima moto wakivuta maji bwawani. Hitimisho lake: rais hadaiwi kitu. Wahenga walishalisema hili, kesi ya nyani hakimu ngedere. Waziri huyo hata angekuwa mwaminifu kuliko wote, ibara za ajira yake zilikuwa zimeshaamua jibu.

Ripoti ikaenda bungeni. Bunge la Afrika Kusini kwa katiba yake lina wajibu wa kusimamia serikali. Lakini wakati ule wabunge wa nchi ile waliingia bungeni kwa orodha za vyama, si kwa kuchaguliwa majimboni kwa majina yao. Aliyepanga orodha ni chama, na aliyekuwa akiongoza chama ni Zuma huyohuyo. Agosti 2015 Bunge likapitisha ripoti iliyomsafisha rais.

Hapo mihimili miwili imeshindwa, na ungekuwa na haki ya kusema "nilijua tu". Ila subiri kidogo.

Chama cha upinzani cha EFF, kilichokuwa na viti 25 tu, kilikwenda moja kwa moja Mahakama ya Katiba. Kiliweza kufanya hivyo kwa sababu katiba ile inasema shauri la kudai kwamba rais au Bunge wameshindwa kutimiza wajibu wao wa kikatiba linasikilizwa na mahakama hiyo pekee. Chama cha DA nacho kilikuwa na shauri lake. Tarehe 31 Machi 2016 Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng alisoma hukumu iliyotolewa kwa kauli moja. Maelekezo ya Mtetezi wa Umma, walisema, yana nguvu ya kisheria mpaka mahakama iyatengue. Rais alikuwa na uhuru wa kwenda mahakamani kuyapinga. Asichoweza ni kuyapuuza, kisha kumpa mtu wa chini yake kazi ya kuchunguza upya. Bunge nalo lilikuwa huru kuyahoji, lakini si kuyafuta kwa kura na kuweka hitimisho lake mahali pake. Mahakama ikatamka kwamba rais alishindwa kuilinda na kuiheshimu katiba, na kwamba azimio la Bunge ni batili.

Mogoeng aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011. Aliyemteua ni Zuma. Wakati ule wakosoaji wengi walilalamika kwamba rais anajiwekea mtu wake. Madonsela naye aliteuliwa na Zuma, mwaka 2009, baada ya kupendekezwa na Bunge.

Kwa nini basi hawakumlinda? Unaweza kujibu kwamba walikuwa watu jasiri, na huenda ni kweli, lakini katiba nzuri haisubiri bahati ya kupata majasiri. Jaji wa Afrika Kusini haondolewi mpaka Tume ya Utumishi wa Mahakama imkute na kosa kubwa la kimaadili, kukosa uwezo au uzembe uliokithiri, kisha theluthi mbili ya wabunge waunge mkono. Theluthi mbili ya 400 ni 267, na ANC ilikuwa na 249. Mshahara wa jaji haupunguzwi. Jaji wa Mahakama ya Katiba hutumikia muhula mmoja usiorudiwa, kwa hiyo hana sababu ya kujipendekeza ili aongezewe. Mtetezi wa Umma hupewa miaka 7, bila muhula wa pili, na kumwondoa pia kunahitaji theluthi mbili. Kwa maneno mengine, rais aliweza kuwapa kazi lakini hakuweza kuwanyang'anya. Waziri wa Polisi alikuwa upande wa pili wa mstari huo, na ndiyo maana aliona maji ya kuzimia moto pale wengine walipoona bwawa la kuogelea.

Kuna kipande kingine cha hukumu ile ambacho watu hukisahau, nami nakipenda kuliko hata sehemu ya kumkemea rais. Mahakama haikukokotoa deni. Haikuwaita wahandisi wala wathamini. Iliipa Hazina ya Taifa siku 60 kupiga hesabu na kuirudisha mahakamani, na rais siku 45 za kulipa baada ya mahakama kuikubali. Majaji walijua kwamba kuthamini banda la kuku si kazi yao. Hazina ilileta jumla ya randi 7,814,155, na Septemba mwaka uleule ikatangazwa kwamba zimelipwa. Mhimili unaomzuia mwenzake kuvuka mpaka lazima nao ujizuie, la sivyo tumebadilisha tu jina la bwana.

Turudi sasa nyuma kidogo, kwenye swali la kwa nini madaraka yagawanywe kabisa. Watu wengi hudhani katiba ni orodha ya makatazo kwa serikali. Kabla ya kukataza, katiba inagawa. Ndiyo inayounda hiyo nafasi ya rais, ndiyo inayosema Bunge ni nani na lina kazi gani. Nje ya kile ilichogawa, kiongozi ni raia kama wewe na mimi. Ndiyo maana mahakama ile haikusema azimio la Bunge lilikuwa baya au la upendeleo. Ilisema ni batili, yaani machoni pa sheria ni kama halikupitishwa. Kitendo cha mamlaka kisicho na kibali cha katiba au cha sheria hakina mguu wa kusimamia, hata kama kimegongwa mihuri kumi.

Na kugawa kwenyewe kuna mantiki yake. Chukua hiyo ofisi iliyokunyima leseni. Fikiria afisa mmoja ndiye anayetunga sharti, ndiye anayeamua kama umelitimiza, na ndiye anayesikiliza rufaa yako. Mtu huyo anaweza kukuangalia kwanza usoni, kisha akatunga sharti linalokuangusha wewe. Ukilalamika, atakuambia sharti lilikuwepo siku zote, na rufaa ataisikiliza yeye. Kila hatua kwa karatasi ni "kwa mujibu wa sheria", lakini sheria imekuwa jina lingine la matakwa yake.

Ukizitenganisha hizo kazi tatu, kila mmoja anapoteza kitu. Mtunga sheria analazimika kuandika kanuni ya jumla bila kujua itamkuta nani, na inaweza kumkuta yeye au mwanawe. Mtekelezaji hawezi kubadilisha maneno katikati ya safari, anatumia aliyopewa. Mwamuzi hana faida yoyote kwenye jibu, maana hakuitunga kanuni wala hakuisimamia. Anayetaka kuonea mtu sasa anahitaji "ndiyo" za watu watatu wanaolipwa, wanaoteuliwa na wanaoondolewa kwa njia tofauti. Kumpata mmoja si kazi ngumu, hata wawili, kama tulivyoona Nkandla. Kuwapata wote watatu kwa jambo moja, kwa wakati mmoja, ndiko kugumu, na ugumu huo ndio kinga yenyewe.

Angalia kwamba sikusema mihimili isigusane. Hilo ni kosa jingine ninalokutana nalo sana. Kuna nchi ambazo mawaziri ni wabunge, na kuna ambazo ni marufuku. Afrika Kusini rais huchaguliwa na Bunge. Mihimili hugusana kila mahali: Bunge hupitisha bajeti ya serikali, rais hutia saini miswada, rais huteua majaji. Kugusana si tatizo. Tatizo ni pale mhimili mmoja unapoweza kuufuta kazi mwingine, kuunyima chakula, au kubadilisha uamuzi wake.

Nisikudanganye lakini, kisa cha Nkandla hakikuishia kwa ushindi mtupu. Siku chache baada ya hukumu, tarehe 5 Aprili 2016, wapinzani walileta hoja ya kumwondoa rais. Wabunge 143 waliunga mkono, 233 wakapinga. Rais aliyetamkwa na mahakama ya juu kwamba ameikosea katiba aliendelea na kazi kama kawaida. Alijiuzulu Februari 2018, baada ya chama chake kupata kiongozi mwingine na kumtaka aondoke. Na fedha zilizorudi ni milioni 7.8 kati ya milioni 246, kwa sababu alichotakiwa kulipa ni sehemu tu ya gharama za vile vitu vitano. Mgawanyo wa madaraka ulimlazimisha kulipa na ukaweka wazi kwamba hakuna aliye juu ya maelekezo halali. Haukuwalazimisha wabunge wawe na uti wa mgongo, na sijui katiba yoyote inayoweza hilo.

Pengo jingine ni mlango wa marekebisho. Ukuta unaweza kuwa mrefu, lakini kama mwenye kuzuiwa ndiye mwenye funguo za mlango, atapita. Mfano wake uko Tanzania. Oktoba 1994 Mahakama Kuu Dodoma, chini ya Jaji Kahwa Lugakingira, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia ana haki ya kugombea uongozi bila kupitia chama cha siasa. Lakini Bunge lililokuwepo lilikuwa limechaguliwa mwaka 1990, enzi ya chama kimoja, na theluthi mbili za kurekebisha katiba hazikuwa shida kupatikana. Yakapitishwa Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba, yakiweka bayana kwamba mgombea lazima atoke chamani. Mtikila alirudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa na linapaswa kuamuliwa na Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikaona kwamba nchi imekiuka Mkataba wa Afrika. Sharti la chama likabaki.

Hapo mahakama ilikuwa huru, jaji hakuogopa, na bado hukumu ikageuzwa kwa kubadilisha maandishi ambayo hukumu ilisimama juu yake. Ndiyo sababu katiba nyingine huweka vizingiti tofauti kwa mambo tofauti. Ya Kenya ya 2010 inataka kura ya maoni ya wananchi kwa marekebisho yanayogusa mambo kama muhula wa rais, uhuru wa mahakama au haki za msingi. Wingi wa wabunge peke yake hautoshi. Unapopima katiba, tazama kizingiti hicho sambamba na hesabu halisi ya viti. Theluthi mbili ni kizuizi kikubwa mahali ambapo vyama vinakabana koo, na si kizuizi kabisa mahali ambapo chama kimoja kina robo tatu.

Sasa hoja yako ya kiongozi mzuri aachwe afanye kazi. Sitaipuuza, maana gharama ya kuzuiana ni ya kweli. Marekani, Bunge na rais walipovutana kuhusu fedha za ukuta wa mpakani, ofisi nyingi za serikali kuu zilikosa bajeti kwa siku 35, kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019, na watumishi waliendelea kufanya kazi bila mshahara au wakakaa nyumbani. Hao hawakuwa wakosaji wa chochote. Miradi hucheleweshwa na kesi. Sheria nzuri hukwama kwenye kamati. Ukiniambia mfumo huu ni wa polepole, nakubali bila ubishi.

Swali ninalokurudishia ni hili: ukishaondoa vizuizi kwa ajili ya kiongozi mzuri, nani atakayevirudisha anapokuja mwingine? Vizuizi haviondolewi kwa jina la mtu, huondolewa kwenye ofisi, na ofisi hubaki. Tarehe 23 Machi 1933 Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria fupi ya ibara tano. Ibara ya kwanza iliipa serikali uwezo wa kutunga sheria bila Bunge. Ya pili ikaruhusu sheria hizo kwenda kinyume na katiba. Hoja iliyotolewa ilikuwa kama yako: nchi iko taabuni, serikali inahitaji nafasi ya kufanya kazi. Theluthi mbili ilipatikana wakati wabunge wa chama cha Kikomunisti wakiwa wamekamatwa au wamezuiwa kuingia. Waliopiga kura ya hapana walikuwa 94, wote wa chama kimoja cha Kisoshalisti. Sheria ile ilipangiwa kudumu miaka minne, lakini muda wake ukaongezwa tena na tena chini ya utawala uleule uliofaidika nayo. Na katiba yenyewe, iliyoitwa ya Weimar, haikufutwa rasmi miaka yote ya utawala wa Hitler. Iliendelea kuwepo kama maandishi, bila mtu mwenye madaraka ya kusema "hapana" kwa jina lake.

Huo kwangu ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba kinachozuia si karatasi. Mahakama haina jeshi, haina hazina. Ina hukumu tu, na hukumu hutekelezwa na watu ambao wangeweza kukataa. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimhukumu Zuma, sasa akiwa rais mstaafu, kifungo cha miezi 15 kwa kudharau amri ya kufika mbele ya tume ya uchunguzi. Usiku wa Julai 7, saa chache kabla ya muda wa mwisho wa polisi kumkamata, alijisalimisha. Zikafuata ghasia zilizoua watu zaidi ya 300. Utii kwa mahakama si jambo la kawaida kama tunavyodhani tukiwa darasani. Kila mara polisi wa kawaida anapotekeleza amri ya jaji dhidi ya mkubwa wake wa zamani, kuna uamuzi umefanyika hapo.

Tuje kwenye leseni yako. Sitaweza kukuambia kama una haki au huna, maana sijaona barua wala sheria husika. Ninachoweza ni kukuonyesha njia. Afisa yule hana uwezo wowote ila ule aliopewa na sheria, kwa hiyo jambo la kwanza ni kumwomba kwa maandishi akupe sababu za kukataa na akutajie kifungu au kanuni inayoweka sharti hilo. Iandike barua kwa heshima, ifupishe, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mara nyingi jibu ndilo linalofichua tatizo. Ukiambiwa "ndio utaratibu wetu" au "ni maelekezo kutoka juu" bila kifungu, hapo una jambo la kushika. Ila usikimbilie kushangilia, kwa sababu sheria nyingi humruhusu waziri au bodi kutunga kanuni, na sharti linaweza kuwa kwenye kanuni zilizochapishwa gazetini mwa serikali badala ya kwenye sheria yenyewe. Hilo ni halali, mradi kanuni haivuki kile sheria ilichoruhusu.

Kisha tazama kama sheria inakupa rufaa ya ndani, kwa bodi, baraza au waziri. Mahakama nyingi hazitakusikiliza kama umeiruka bila sababu nzito. Baada ya hapo ndipo kuna maombi ya mapitio ya mahakama. Elewa vizuri jaji hufanya nini hapo, maana wengi hutoka wamekasirika hata wakishinda. Kwa kawaida jaji hatakupa leseni. Ataangalia kama afisa alikuwa na uwezo wa kisheria, kama alikusikiliza, na kama alizingatia mambo yanayohusika. Akikuta kasoro atafuta uamuzi na kuurudisha ofisini ukafanywe upya kwa njia sahihi. Wanaweza kukukataa tena, safari hii kwa sababu halali. Ni mantiki ileile ya Hazina na banda la kuku: mahakama haichukui kazi ya ofisi, inailazimisha ofisi ifanye kazi yake ndani ya mipaka.

Nenda ukamwone wakili ana kwa ana mapema, usingoje barua ya tatu. Muda wa kuomba mapitio ni mfupi, kwa kawaida huhesabiwa kwa miezi, na katika nchi nyingine ni mitatu tu tangu siku ya uamuzi. Muda huo unaweza kuendelea kukatika wakati wewe bado unaandikiana na ofisi. Kama wameshafunga biashara yako au kuchukua mali, au kuna mashtaka ya jinai yanayotajwa, usiandike wala kusaini chochote kabla ya kupata ushauri. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, ulizia msaada wa kisheria kwenye masjala ya mahakama iliyo karibu nawe au chama cha mawakili, na uende na barua ya kukataliwa, fomu uliyojaza, risiti za malipo, na tarehe ya kila kitu ikiwa imeandikwa pembeni.